Have na Jana

Mume wangu alikuwa mlinzi wa kituo cha malori pale Kilambo, kwenye ukingo wa Ruvuma, upande wetu. Miaka ile simu za mkononi ndiyo kwanza zilikuwa zinaenea Mtwara. Kampuni ilimpa simu moja ndogo, yenye vitufe vilivyofutika namba, na kazi yake ilikuwa kutuma habari ya kila lori ofisini mjini: limefika, limevuka, limeharibika, dereva yuko wapi. Ujumbe uwe mfupi, na uwe wa Kiingereza, kwa sababu meneja aliupeleka vilevile kwa wenye mali, nao walikuwa mbali na hawakujua Kiswahili.

Mimi nilibaki Mtawanya na watoto. Nilisoma mpaka darasa la saba, na yeye vilevile. Kiingereza chetu kilikuwa cha darasani, kile cha kuimba kwa pamoja. Lakini alipata kazi kwa sababu alikuwa hasinzii lindoni na hakuwa mwizi, na meneja aliyemwajiri alijua hivyo. Yule meneja akahamishwa, akaja mwingine.

Huyu mpya siku za mwanzo alimtafuta dereva mmoja ambaye lori lake lilikuwa halijaonekana. Akauliza kwa simu. Mume wangu akapanda kichuguu, maana Kilambo mtandao ulikuwa hauji vizuri mpaka upande kichuguu kilicho nyuma ya kibanda, akajibu: *I have seen him yesterday.*

Alipokuja mjini kubadilishana zamu, alimkuta meneja kwenye yadi, madereva wanafunga maturubai. Meneja akaitoa simu mfukoni akasoma kwa sauti ya mtoto wa chekechea.

"*I have seen him yesterday.* Mzee, hii lugha ya wapi? Umemwona jana? Kama ni jana, si ndiyo ulimwona? Au bado unamwona? Yuko hapo machoni?"

Madereva wakacheka. Mmoja akauliza, "Mzee, umekula jana au ulikula jana?"

"Nimekula jana," akajibu, hakujua ameingia mtegoni, maana kwetu mtu husema hivyo na hakuna anayeshangaa. Wakaangua kicheko upya. Kutoka siku hiyo, kwa ile *have* yake, jina lake yadini likawa Mzee Hevu. Lilifika mpaka Mtawanya. Binti yetu alirudi kisimani ndoo ikiwa nusu, akaniuliza baba amefanya nini.

Alinisimulia yeye mwenyewe tukiwa tunabangua korosho uani. Alisimulia polepole, vidole vyake vyeusi kwa mafuta ya maganda.

"Mama watoto, kasema nikikosea tena ananitoa. Ana mtu wake kamaliza kidato cha nne."

Hatukuwa na shamba la kutosha, na mikorosho miwili haimlishi mtu mwaka mzima. Kwa hiyo jioni ile ile tulikwenda kwa mwalimu, jirani yetu wa nyumba ya tatu, aliyefundisha shule ya msingi. Hakutucheka. Alichora mstari mchangani kwa kijiti.

"Have ina kamba," alisema. "Upande mmoja imefungwa kwenye jambo lililopita, upande wa pili imefungwa kwenye sasa. *I have seen him*: nimemwona, na kumwona kwangu kuna maana sasa hivi. Ukitaja wakati uliokwisha, jana, juzi, wiki iliyopita, saa mbili usiku, umekata kamba. Have haikai tena. *I saw him yesterday.* Basi."

"Na leo?" mume wangu akauliza.

"Leo haijaisha, have inaweza kukaa. Asubuhi hii, kama bado ni asubuhi, sema *I have seen him this morning*. Jua likipita utosini, asubuhi imefungwa. Sema *I saw*."

Kisha akatupa mfano ambao niliushika kuliko yote. Akasema, "*I have lived in Mtawanya for ten years.* Maana yake nimeishi hapa miaka kumi na bado nipo. *I lived in Mtawanya for ten years.* Huyu kahama. Au kafa."

Tulijifunza tukibangua. Mimi nataja wakati, yeye anajibu. Nikisema *yesterday*, anasema *I saw*. Nikisema *since Monday*, anasema *I have seen*, maana *since* inaanza huko na kuja mpaka leo, kamba haijakatwa. Nikisema *just*, anasema *I have just seen*. Akikosea, namtupia ganda. Tulicheka, hilo nakumbuka. Alikuwa si mtu wa kucheka sana.

Akarudi Kilambo, na kwa muda mambo yakaenda. Ujumbe wake ukawa sawa. Hata dereva mmoja, mtu mzima mwenye staha ambaye hakuwahi kumwita Hevu, aliniletea salamu zake akasema, "Shemeji, mzee sasa anaandika kama karani."

Ndipo siku moja akatuma asubuhi: *Two trucks have crossed this morning.* Malori mawili yalikuwa yamevuka kwa pantoni, maji ya mto yalipojaa, na asubuhi ilikuwa bado asubuhi. Alikuwa sahihi. Lakini mtandao uliusumbua ule ujumbe, ukamfikia meneja alasiri. Meneja akampigia.

"Saa hizi ni asubuhi kwenu Kilambo?"

"Bosi, nimetuma asubuhi."

"Nimetuma! Nimeupata sasa hivi, na sasa hivi ni saa tisa. Nimekwambia nini kuhusu hii have yako? Sikiliza, Mzee Hevu, nikusaidie. Ukiwa na shaka, tupa have. Itupe mtoni. Weka *was*, weka *did*, weka *crossed*. Nikiona have nyingine kutoka Kilambo, usirudi zamu."

Alinieleza hayo aliporudi nyumbani, na nilimwambia kwamba mwalimu alisema ile ilikuwa sawa. Alijibu, "Mwalimu hanilipi." Hatukubangua korosho siku zile, zilikuwa zimekwisha. Akaenda zamu yake.

Kilichofuata nimekijua kwa vipande viwili: kwa yule dereva mwenye staha, na kwa ile simu.

Dereva alifika Kilambo jioni akamkuta mume wangu amelala chini ya kibanda, amejifunika turubai, anatetemeka kwa homa. Macho yamekuwa ya manjano. Maji ya kunywa alikuwa nayo, chakula hajagusa. Dereva akamuuliza, "Mzee, umemwambia bosi?" Akaitikia kwa kichwa. "Kasema nini?" Akajivutia turubai mpaka kichwani. Dereva akampakia kwenye kichwa cha lori, akaiacha zamu yake ya kupakia, akageuza kuja mjini. Barabara ile wakati ule ilikuwa mchanga na mashimo. Alikata roho kabla hawajafika hospitali.

Tulimzika siku ya pili yake, na mimi nikaingia eda.

Meneja alikuja msibani siku ya tatu. Wanaume walikuwa barazani juu ya mikeka, mimi nilikuwa ndani, pazia limeshushwa. Nilimsikia akitoa pole. Alikunywa kahawa. Kisha akamwambia kaka yangu kwa sauti ya chini, lakini si chini ya kutosha, kwamba amekuja pia kuchukua simu ya kampuni, mlinzi mpya anaihitaji.

Simu ilikuwa mapajani mwangu. Dereva alikuwa ameniletea pamoja na nguo zake. Nilikuwa nimekwisha kuisoma, asubuhi, kwa kile Kiingereza cha maganda ya korosho.

Katika zilizotumwa, ya mwisho ilikuwa hii: *Sir, I was sick on Monday, Tuesday and Wednesday. I did not eat.*

Katika zilizopokelewa, jibu la meneja: *Good English at last. Now work.*

Katika zile zilizoandikwa zikaachwa bila kutumwa, kulikuwa na moja. Aliiandika kabla ya ile nyingine. *Sir, I have been sick since Monday.*

Ilikuwa sawa. Kila neno. Have, been, since: homa imeanza Jumatatu na bado ninayo.

Nikasema kupitia pazia, "Bosi, alikuandikia kwamba anaumwa."

Meneja akasema, "Mama, pole sana. Hakuniandikia kwamba anaumwa. Aliandika kwamba aliumwa. *Was.* Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Ujumbe niliupata Alhamisi. *Was* maana yake imekwisha. Ningejuaje? Kama bado anaumwa, angeandika *have been*."

"Ulimwambia aitupe have."

"Nilimwambia aitupe akiwa na shaka." Alikohoa. "Sasa mtu huna hakika kama unaumwa?"

Hakuna aliyecheka. Lakini hakuna aliyesema neno pia. Kaka yangu alifanya kazi ya kupakia kwenye yadi ileile. Nilipitisha simu chini ya pazia, akaipokea, akampa meneja. Sikufuta kitu.

Hakuondoka mara moja. Alikuwa hana budi kuwajulisha wenye mali, na aliona aandike palepale, aondoke na jambo limekwisha. Alikuwa na tabia ya kusoma anachoandika. Nilimsikia akibonyeza vitufe vya simu ileile, taratibu.

"*Our guard at Kilambo has died on*... aa." Akafuta. "*Died on Thursday. He has worked with us*..."

Akaishia hapo. Yule dereva, aliyekuwa amekaa karibu na mlango, akamuuliza, "Vipi, bosi?"

"Hapana, ni *worked*," meneja akasema, kama anayemfundisha. "Maiti haipewi *has*."

Akatuma, akaaga, nikasikia gari likiwashwa.

Alikuwa sahihi. Nimeshawahi kumuuliza mwalimu baadaye, eda ilipokwisha, na akaniambia, huku akiangalia chini, kwamba ndiyo, kwa mtu aliyekwisha kufa husemi kwamba *has worked*, unasema *worked*. Kamba imekatwa. Nilimshukuru. Hakuchora mchangani.

Mwenye kidato cha nne alipewa kazi ya Kilambo. Yule dereva aliyegeuza lori bila ruhusa alitolewa, na sasa anavua samaki huko Kitaya. Binti yangu kisimani hawakumwita tena mtoto wa Hevu.

Watu waliokuja msibani siku zile waliniuliza, "Amefariki lini?" Nami nilijibu, "Amefariki Alhamisi." Hakuna aliyenisahihisha. Kwetu mtu anaweza kusema hivyo. Miaka imepita, na akija mgeni asiyejua akaniuliza alipo baba wa watoto, bado nasema amefariki. Sijaweza kusema alifariki. Naijua kanuni.