Chumba Alichopewa Mume Wangu

Nilipopanga chumba Ngamiani, mjini Tanga, nilikuwa nimeolewa na mtu niliyekaa mbali naye. Mume wangu alifanya kazi shamba la mkonge upande wa Pongwe, akilala kambini na wanaume wenzake. Mimi nilifua mashuka hospitali. Jumapili tulionana kanisani, jioni kila mtu akarudi kwake.

Mwenye nyumba alikuwa bibi wa Kiarabu, mjane, watu wake walikuja zamani kutoka Omani. Sisi wapangaji tulikuwa wanawake watupu, tukitumia ua mmoja, jiko moja na choo kimoja. Aliniita mwanangu, nami nilikuwa nikimpelekea maandazi kila nilipokaanga.

Mume wangu alipopata kazi bandarini, nilikwenda kumwomba ruhusa ahamie kwangu.

"Ni mume wa ndoa?" akaniuliza.

"Wa ndoa, bibi. Cheti cha kanisa ninacho."

"Sitaki cheti, nakuamini. Lakini humu kuna wanawake. Asiingie uani bila kupiga hodi, na asubuhi aoge mwisho, wenzako wakishatoka."

Nikakubali. Nikamwuliza habari ya kodi.

"Kodi itapanda shilingi mbili. Maji nanunua kwa debe, na choo kikijaa ni mimi ninayelipa wachimbaji."

"Na amana?" Nilipoingia nilikuwa nimemwekea kodi ya mwezi mmoja.

"Amana haiguswi. Hiyo nimeiweka kwa ajili ya chumba, si kwa ajili ya vichwa vya watu. Ni yako, na siku utakayotoka utaichukua mkononi mwangu. Sikiliza, mwanangu. Mpangaji wangu ni wewe. Yeye ni mtu wako tu. Nikiwa na neno nitakuambia wewe."

Nilirudi chumbani nikiwa mwepesi. Katika maisha yangu hakuna mtu mzima aliyekuwa ameniambia kwamba kitu fulani ni changu, si cha baba wala cha mume.

Akahamia. Alipiga hodi kama alivyoagizwa, akawa mpole, hata wapangaji wenzangu waliokuwa wamenuna wakamzoea. Kodi nilipeleka mimi kila mwisho wa mwezi, na zile shilingi mbili juu yake. Siku moja nilichelewa kazini, akaipeleka yeye. Mwezi uliofuata akasema acha niipeleke tena, mwanamume kukaa tu huku mkewe akilipa ni aibu. Sikuona ubaya.

Kisha mama aliugua huko kwetu Usambara. Nikaomba ruhusa hospitali, nikaenda kumwuguza. Nilikaa kule mpaka alipoweza kuinuka na kujipikia uji.

Niliporudi Tanga nilikuta kufuli nyingine, mpya, ikining'inia wazi mlangoni kwangu. Nikadhani mume wangu ameibadilisha. Mlango ukafunguliwa kwa ndani na mwanamke nisiyemjua, ana mtoto mgongoni. Nyuma yake niliona kitanda kisicho changu.

Nikaenda moja kwa moja kwa mwenye nyumba. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa.

"Mumeo alikuja akasema mnahama," akasema. "Akabeba vitu vyote, akanirudishia ufunguo."

"Na amana yangu, bibi?"

"Nimempa."

"Uliniambia nitaichukua mkononi mwako."

"Ni mumeo. Ningemwambiaje mtu, pesa ya mkeo sikupi? Mume na mke ni kitu kimoja."

"Uliniambia mpangaji ni mimi."

Akatoa jiwe dogo kwenye mchele, akalitupa uani. Baadaye akasema, "Huyu aliyeingia nimempangisha kwa kodi ya juu kidogo. Nyumba haiwezi kukaa tupu, mwanangu. Lala kwangu leo, kesho tutatazama."

Sikulala kwake. Nilikwenda kwa mwenzangu wa kufulia, akanitandikia mkeka. Kwa watu wa bandarini nilisikia kwamba mume wangu ameacha kazi, amekwenda Pangani na mwanamke, na huko wamepanga chumba. Cherehani yangu ilikwenda nao. Sikumfuata. Kusema kweli huyo nilimlia siku chache tu. Nilikuwa nimemwona akibadilika, ila sikutaka kuamini.

Bibi ndiye aliyenichoma. Mume hakuniahidi chumba. Aliyeniahidi ni yeye, kwa kinywa chake, nami nilikuwa sijamwomba maneno yale.

Nilipata chumba kingine, nikaweka amana nyingine, nikamwambia mwenye nyumba wa huko mbele ya shahidi asiitoe kwa mtu yeyote ila mimi. Akacheka, akasema kwani una mume? Nikasema sina.

Mwaka uliofuata nilikutana na yule bibi sokoni. Nilimwamkia shikamoo, maana umri wake ulinidai hivyo. Akaitika marahaba, akaanza kuniuliza habari za mama. Nikamjibu kwamba hajambo, nikaenda zangu kununua samaki.