Viroba vya Mchanga Mlangoni kwa Mpika Halua

Watu wengi waliotoka vitani walitoka na majeraha. Mwenye nyumba wetu wa Mji wa Kale alitoka na kofia ya chuma na firimbi, na hakuwahi kuvuka Kilindini. Miaka ya vita alikuwa mlinzi wa mtaa: kazi yake ilikuwa kuzunguka vichochoro jioni akiwaambia watu wafunike taa, na kusimamia viroba vya mchanga vilivyopangwa mbele ya milango ili mabomu yakianguka yasiue watu. Mabomu hayakuanguka. Yeye akahesabu kwamba viroba vyake ndivyo vilivyoyazuia.

Mimi nilifika Mombasa vita vimekwisha, kutoka sijui wapi, maana kila mahali nilikaa miezi michache nikachoka. Shule niliiacha mapema, kazi nilizijaribu zote, na ile niliyokuwa nayo mwaka ule ilikuwa ya kukoroga halua kwa mzee mmoja aliyepanga chumba cha chini katika nyumba ile. Watu wote wakimwita Ami, nami nikamwita hivyo hivyo. Alikuwa na sufuria ya shaba pana kama mtumbwi mfupi, meko ya udongo yenye mdomo wake sakafuni, na mwiko mrefu kama kasia. Wanga, sukari, samli, iliki, kisha unakoroga. Ukiacha kukoroga inashika chini. Moto ukizima katikati, wanga unabaki mbichi, samli inajitenga, na hapana ufundi duniani utakaoirudisha. Hilo alinifundisha siku ya kwanza, akalirudia kila siku kana kwamba nilizaliwa jana yake.

Asubuhi ninayoikumbuka ilikuwa ya masika. Mvua ilikuwa imenyesha siku kadhaa, na mbingu upande wa bara zilikuwa nyeusi kama chungu. Ami alikuwa na halua ya arusi ya kupika, iliwe siku ya pili yake. Bibi arusi alikuwa binti wa mwanamke ambaye Ami huyo huyo alimpikia halua ya arusi yake. Sukari ilikuwa ya kutafutwa kwa taabu siku hizo, na jamaa za bibi arusi walikuwa wameikusanya nyumba kwa nyumba. Kwa hiyo sufuria ile ilikuwa moja tu. Ikiharibika, hapakuwa na ya pili, na jina la Ami lingekwenda nayo.

Kabla hajawasha moto alipanda ngazi kwa mwenye nyumba. Nilimfuata, kwa sababu napenda kusikiliza.

"Bwana," Ami alisema, "leo naomba jiko lako la juu. Njia hii yaweza kujaa mai."

Mwenye nyumba alikuwa akinywa kahawa. Alimtazama Ami kama mtu anayetazama mwanambuzi aliyepanda kitandani.

"Juu? Nimepaka chokaa juzi, Ami. Wataka kunitilia moshi?"

"Moshi wafutika. Halua ikiharibika haitengezeki."

"Nani akakwambia itaharibika? Mimi nina viroba. Nenda kapike."

Mkewe, aliyekuwa nyuma ya pazia, akasema, "Viroba vyenyewe vina panya wana wajukuu." Mwenye nyumba akajifanya hakusikia. Naamini katika ndoa ile alikuwa amejizoeza sana kutosikia.

Ami akashuka. Angeweza kukataa kupika. Hakukataa, kwa kuwa alikuwa mpangaji, na wapangaji wa Mombasa huona haya kumbishia mwenye nyumba kama wanavyoona haya kumbishia imamu. Tukawasha moto.

Mvua ilishuka sukari ikiwa imekwisha kuyeyuka na wanga umeanza kuwa mzito. Haikuchukua muda. Njia ile inateremka kutoka Makadara kuelekea baharini, na maji ya juu yote hupitia hapo, yenye maganda ya ndizi na kinyesi cha punda. Kizingiti cha mlango wetu kilikuwa kimebaki kimo cha kiganja tu, kwa sababu njia ilikuwa imeinuliwa mara kwa mara na nyumba haikuinuliwa hata mara moja.

Mwenye nyumba akatokea na kofia yake ya chuma kichwani. Wallahi, kofia. Na mahamali wawili aliowakuta wamejikinga mvua barazani.

"Chukueni vile vya pembeni," akawaamuru.

Vile vya pembeni vilikuwa viroba vyake vya vita, vilivyokaa nje juani na mvuani miaka. Gunia ni jani tu. Likilowa na kukauka, likilowa na kukauka, linaoza. Hamali wa kwanza alikamata kimoja masikioni akainua, na masikio yakabaki mkononi. Cha pili kilipasuka tumbo. Cha tatu kilifika nusu ya njia. Mchanga wote ukamwagika ndani ya mfereji, ukateremka na maji, ukakaa penye tundu la mfereji kule chini kama kizibo. Maji yaliyokuwa yakipita sasa yakasimama. Ndani ya muda wa kukoroga mizunguko michache nikayaona yakipanda mbele ya mlango wetu.

"Vipya," akasema mwenye nyumba, bila kuinamisha uso. "Leteni magunia mapya ghalani."

Mahamali wakajaza magunia mapya mchanga wa fundi mwashi aliyekuwa akitengeneza ukuta jirani. Mwenye nyumba akasimama juu yao. Kila gunia lijae mpaka shingoni, akasema, lifungwe kwa kamba, kwa maana yeye hakununua magunia ili yakae matupu. Yakapangwa mlangoni, magumu na mviringo kama maboga. Kwa bomu huenda yangefaa. Lakini maboga mawili ukiyaweka pamoja yanaacha uwazi katikati, na maji hayahitaji uwazi mkubwa. Nilitia kidole kati ya gunia na gunia, kikapita chote, na maji yakapita pembeni mwa kidole.

"Ami, shika mwiko," nikasema.

Nilifungua magunia nikamwaga mchanga mpaka yakabaki nusu na kidogo. Nikaukunja mdomo wa la kwanza chini yake, nikalilaza bapa, nikalikanyaga likatanuka likashika umbo la kizingiti. La pili nikalipandisha kidogo juu ya la kwanza, na safu ya juu nikaikalisha juu ya maungio ya chini, kama mwashi anavyopanga matofali. Hapana elimu katika jambo hilo. Mtu yeyote aliyelalia mto anajua kwamba mto uliojazwa sana haushiki kichwa. Mwenye nyumba alinitazama nikimwaga mchanga wake, uso ukamvimba.

"Wewe kijana waniharibia kazi."

"Kazi gani, Bwana?"

"Rudi kwenye mwiko wako, mtu wa njiani."

Mkewe dirishani akacheka. Hamali mmoja naye akacheka, kisha akajidai anakohoa.

Magunia bado yalivuja, maana gunia siku zote huvuja, mchanga haufanyi zaidi ya kuyachelewesha maji. Ami akaniashiria kwa kidevu ubao wa kukatia halua na ndoo ya udongo aliyoiweka kwa kuziba nyufa za meko. Tukausimamisha ubao kwa ubavu nyuma ya magunia, ukagota miimo yote miwili ya mlango, tukatandika turubai mbele yake, tukasiliba udongo pembeni na chini. Hapo mlango ukanyamaza. Hata mimi, ambaye sipendi kumsifia mwenye nyumba yule chochote, nasema kweli: mlangoni hapakupita tone.

Mwenye nyumba akapiga firimbi yake. Sijui alikuwa akimwita nani.

Maji yakaingilia msalani. Katika kona ya chumba palikuwa na mahali pa kuogea, na tundu la kupeleka maji kwenye mfereji ule ule wa njiani. Mfereji ulikuwa umezibwa na mchanga wa vita na umejaa, kwa hiyo maji yakarudi kinyume, kimya kabisa, yakatoka kwenye tundu kama chemchemi chafu. Sote tulikuwa tumeelekea mlangoni kama watu waliokwenda kutazama ngoma. Nilipogeuka, maji yalikuwa yameshafika vifundoni. Niliziba tundu kwa tambara na gunia la mchanga, na juu yake jiwe la kusagia. Yakapungua kasi. Lakini kuta za nyumba zile ni mawe ya matumbawe na chokaa, zinakunywa maji kama mkate, na sasa zikaanza kutoa jasho chini, kisha vijito. Tulichota kwa ndoo tukatupa nje juu ya ubao, na yaliyotupwa yakarudi kupitia ukutani.

Ami hakuchota. Alikoroga. Alijua mambo mawili tu wakati ule, mwiko na mdomo wa meko. Niliyaona maji yakiukaribia mdomo ule, yakaulamba, yakaingia. Moto ukalia, majivu yakaelea, moshi mweupe ukajaa chumbani. Sufuria iliyojaa sukari ya moto watu wawili hawawezi kuipandisha ngazi nyembamba bila kuunguzana hadi mifupa, na asubuhi, ilipokuwa tupu, pale juu palikuwa na chokaa mpya.

Akaendelea kukoroga kwa muda juu ya makaa yaliyokufa. Kisha akauinua mwiko. Kilichoning'inia kilikuwa kama gundi ya mshona viatu.

Mvua ilipokatika, hamali mmoja alikwenda kuufukua ule mchanga kwa mguu pale chini penye tundu la mfereji, na njia ikakauka upesi, kama haijawahi kujua maji. Mwenye nyumba akaja kusimama mbele ya mlango wetu, ameshika kiuno, na majirani nyuma yake. Akaupigapiga ukuta wa viroba kama mtu anayepiga shingo ya farasi.

"Mwaona?" akawaambia. "Halikupita tone."

Ami alikuwa upande wa pili wa ukuta ule, amesimama katika maji ya kufika chini kidogo ya goti.

"Kweli, Bwana," akasema. "Na bado halipiti. Njoo utazame."

Mwenye nyumba akanyoosha shingo juu ya ubao. Maji yalikuwa yametulia ndani kama birikani, na juu yake yanaelea makaa, iliki na ndara zangu. Kwa mara ya kwanza siku ile hakuwa na amri ya kutoa. Kisha akaipata.

"Msiubomoe. Mvua yaweza kurudi."

Nilishika ubao nikaung'oa. Maji yakatoka yote kwa pamoja, yakamchukua miguuni yeye na majirani zake, yakashuka njiani mpaka yakabaki ya kimo cha kizingiti tu, ambayo tulimaliza kuyachota kwa ndoo. Muuza nguo wa Kihindi wa mlango wa pili, ambaye hakuzuia chochote, aliyekuwa amepandisha majora yake kwenye rafu za juu na kuacha milango wazi, alikuwa tayari ameshafagia na kufungua duka.

Ami alivaa kofia yake akaenda mwenyewe nyumbani kwa bibi arusi. Hakutuma mtu. Mwenye nyumba alimshauri ile gundi ikatwe vipande, inyunyizwe lozi juu, watu wa arusi hula chochote.  Arusini waliandaa tende na kaimati, na mama wa bibi arusi, nilivyosikia, hakusema neno baya. Ila binti wa pili alipoolewa, halua ilitoka kwa mpishi mwingine.

Ami alihama mwezi ule ule akapanga mahali penye vidato vitatu vya kupanda. Mimi nilihama baada yake, nikapita njia ile tena karibu mwaka mzima baadaye. Mwenye nyumba alikuwa amevirudisha viroba mlangoni, vimejaa mpaka shingoni, na mpangaji mpya, fundi cherehani, alikuwa akiviruka kwa mguu mmoja huku ameshika nguo za watu. Vya chini vilikuwa vimeanza kuota majani.