Picha Iliyopunguzwa Mara Tatu

Nikimtaja Roselyn, hadi leo damu inanichemka, na wala si ndugu yangu. Ni mdogo wake Lorine, jirani yangu wa kibanda hapa Busia, upande wa Kenya. Mimi nauza madera na leso. Lorine, ambaye sote tunamwita Mama Trevor, ana kompyuta moja, printa moja na subira ambayo mimi Mungu hakunipa. Anapiga picha za pasipoti, anachapa, na zaidi ya yote anatupunguzia picha sisi wachuuzi ziwafikie haraka wateja wenye mtandao wa kujikokota.

Usicheke, ni ufundi. Zamani nilikuwa nalipiga dera picha, namtumia mteja wa Mukuju, ng'ambo Uganda, kama ilivyo, megabaiti nne nzima, naye ana bando la kuhesabu. Kale kaduara kanazunguka mpaka mtu anaghairi kununua. Nikasikia kuna programu za kupunguza, nikaminya mpaka mwisho, dera langu jekundu likafika limechafuka kama limemwagikiwa mchuzi. Mteja akaniuliza kama ni mtumba. Mama Trevor akanikalisha chini. Kwanza kata pembeni, sakafu na miguu yako hakuna anayeinunua. Halafu shusha upande mrefu hadi pikseli elfu moja na kitu, ubora uache kwenye sabini na tano au themanini. Picha inabaki kilobaiti mia na kidogo, na kwenye kioo cha simu huoni tofauti.

"Na kila mara anza na picha ya mwanzo, Mama Mujib," akaniambia. "Ukipunguza iliyokwisha kupunguzwa unazidi kuiharibu, na kilichopotea hakirudi."

Hayo hayo alimfundisha Roselyn, kwa mkono wake mwenyewe. Mama yao ni mjane, yuko Mulanda, kule Tororo, Uganda, na masikio yake kwenye simu hayashiki kitu. Roselyn ndiye aliyebaki naye. Lorine akamnunulia simu nzuri, wakapatana: kila Jumapili saa kumi, picha ya mama, ikiwa imepunguzwa ili ipenye kwenye mtandao wa kule.

Na zilikuja, sikatai. Mama anakula. Mama ameketi mlangoni, kitambaa kichwani, anacheka. Mama Trevor ananionyesha moja moja huku amejaa furaha, kisha anamjibu Roselyn, "Safi sana, umeipunguza vizuri." Kutoka hapa hadi Mulanda unakwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Lakini Jumapili ndiyo siku ya harusi na ubatizo, siku ya kazi yake, na ukishamwona mama yako kila wiki, safari unaiahirisha bila aibu. Mimi mwenyewe nilimwambia, "Mama yuko sawa, si unamwona?" Neno hilo nalijutia.

Jumamosi moja ya Julai akataka kuchapa ile picha ya Jumapili iliyopita, aiweke kwenye fremu. Akaifungua kwenye kompyuta, kioo kikubwa. Akaivuta karibu, akaivuta tena.

"Njoo uone," akasema.

Mimi niliona mama anakula, basi. Yeye akanionyesha kwa kalamu. Ukingo wa kitambaa ulikuwa umevurugika, una vivuli vya ajabu pembeni. Shavu la mama lilikuwa limegeuka vijumba vijumba, kama sakafu ya vigae.

"Mtandao tu huo," nikamwambia.

"Mtandao unachelewesha picha, hauifanyi hivi. Hii imepunguzwa, ikakatwa, ikapunguzwa tena. Mara tatu, si chini ya hapo. Picha ya siku hiyo ingepunguzwa mara tatu kwa nini?"

Akafungua za nyuma. Ya Aprili ilikuwa safi. Mama anakula, sahani ina ufa, ukucha wa kuku unaonekana kwenye kona. Ya Juni ilikuwa hiyo hiyo, imekatwa kona ya kuku. Ya Julai hiyo hiyo tena, imekatwa juu na chini, sura imesogezwa karibu ionekane mpya. Ya mlangoni nayo ilikuwa imerudi mara mbili. Roselyn lazima alishafuta picha za mwanzo ili simu isijae, akabaki na zile ndogo tu, na kila akikata na kuhifadhi anazichakaza. Mwanafunzi alisahau somo moja tu.

Lorine hakulia. Aliuliza kwa sauti ndogo, "Sasa mama yangu yuko wapi?" Nikamwambia kesho vibanda havifunguliwi, tunakwenda.

Jumapili alfajiri tukaacha vibanda vimefungwa, tukavuka mpaka. Mulanda tulifika kabla ya adhuhuri. Mlango wa nyumba ulikuwa na kufuli. Mama tulimkuta kwenye jiko la nje, amelala kwenye mkeka, mwembamba, nguo imemning'inia. Mguu wa kushoto umefungwa kitambaa, na harufu ya kidonda ilitupokea kabla yake. Jirani mmoja, mke wa mzee Omaido, ndiye aliyekuwa akimletea uji. Akatuambia kwamba Roselyn alikwenda Malaba kwa mwanamume mwezi wa tano na hajakanyaga hapo tena.

Yule mama aliuza simsim sokoni Busia miaka mingi, Kiswahili chake ni cha huko sokoni. Akamgeukia binti yake.

"Wewe nakuja," akasema. "Roselyn nasema wewe nakataa kusumbuliwa. Mimi nakaa kimya, mwanangu. Mimi nafikiri wewe nachoka na mimi."

Hapo ndipo Lorine alipolia, amepiga magoti, kichwa kwenye mapaja ya mama yake. Nilitamani Roselyn awe mbele yangu, nimvute masikio yote mawili. Miezi miwili mtu anakata uso wa mama yake kwa kidole, anautuma, halafu anapokea pongezi.

Tukamwosha kidonda, tukamtuma kijana wa bodaboda atutafutie gari la kumpeleka hospitali. Jumapili magari kule ni haba, na tukiwa bado tunangoja, saa kumi ikafika. Simu ya Lorine ikalia. Picha. Mama mlangoni, anacheka. Chini yake imeandikwa, "Mama anakusalimu, leo amekula vizuri."

Mama akanyoosha mkono, akaomba aone. "Huyu nani?"

"Ni wewe, mama."

Akaitazama, akairudisha.

Lorine akasimama, akafungua kamera. Mama alipoona anapigwa picha akaanza kuhangaika na kitambaa cha kichwa, akitaka kukifunga vizuri. "Acha, mama, kaa hivyo hivyo," Lorine akamwambia. Akampiga mzima, uso, nguo na mguu ule. Hakukata pembeni, hakugusa ubora. Alimtumia Roselyn picha hiyo kama faili, jinsi ilivyotoka kwenye kamera, megabaiti tano. Kwa mtandao ule ilichukua karibu dakika ishirini, naye muda wote alishika simu juu, akiitafutia mawimbi.

Ikafika. Ikafunguliwa. Tukaona Roselyn anaandika, anaacha, anaandika tena. Mimi nilikuwa nangoja aombe msamaha, au hata atunge uongo mpya.

Jibu likaingia: "Dada, mbona hukuipunguza? Imemaliza bando langu lote."

Lorine alilisoma mara moja, akazima simu. Gari lilikuwa limefika, akashika mabega ya mama, mimi nikashika miguu.