Uniti Sitini za Nyumba Yenye Giza

Mke wangu alipofariki, mama yake alimchukua binti yetu kwao Mpapura. Tulikubaliana atarudi kwangu Shangani baada ya arobaini. Siku ziliisha, lakini aliyekuja hakuwa mtoto. Alikuja shemeji, mdogo wake marehemu, mwalimu wa shule ya msingi, kutazama naishije.

Juu ya meza alikuta bili mbili za umeme. Alizisoma bila kuketi.

"Uniti sitini. Mwezi uliofuata, sitini tena," alisema. "Dada alipokuwa hai, akipiga pasi na kupikia jiko la umeme, mlitumia ngapi?"

"Sitini hivi."

"Sasa nani anapika, shemeji?"

"Hakuna."

"Basi huyo hakuna ana nguo nyingi za kupigwa pasi. Mtoto harudi kwenye nyumba ya mwanamke mwingine."

Sikukasirika. Bili zile nilikuwa nimezilipa bila kuzikagua, mimi niliyezoea kuhakiki kila hati ya bandarini. Nilizichukua, nikaona herufi ndogo pembeni ya namba ya mita. Maelezo yalikuwa nyuma ya karatasi: makadirio.

Mita yetu ilikuwa ndani, ukumbini. Msoma mita alikuwa akija asubuhi, mimi nikiwa kazini, na aliyekuwa akimfungulia mlango ni mke wangu. Miezi ile miwili alikuta kufuli. Ofisini wakakadiria kwa matumizi ya miezi ya nyuma, yaani ya wakati wa uhai wake.

Nilimpeleka shemeji kwenye mita, nikamshikia kibatari, maana taa ya ukumbini ilikuwa imeungua nami sikuibadilisha.

"Bili ya mwisho inasema ngapi?"

"Elfu nne, mia mbili na arobaini."

"Na mita?"

Alisogea. "Elfu nne, mia moja hamsini na moja." Akaitazama tena bili. "Haijafika huko."

"Ilisomwa mara ya mwisho ikiwa elfu nne, mia moja na ishirini. Nimetumia thelathini na moja tu. Wakiisoma, bili ijayo itarekebisha."

"Nitaamini nikiiona. Mama naye hivyo hivyo."

Niliacha ufunguo kwa jirani. Msoma mita akaingia, akakuta elfu nne, mia moja sitini na tatu. Bili iliyofuata ilipunguza uniti sabini na saba nilizokwisha kulipia kabla ya kuzitumia, na salio likabebwa mbele.

Niliipeleka Mpapura. Shemeji aliisoma kwa sauti, mama mkwe akisikiliza huku akimenya mihogo.

"Kumbe ulikuwa unakaa gizani, baba," alisema mama mkwe. Kisha akaingia ndani kufunga nguo za mtoto.

Nilibadilisha ile taa. Mwezi mzima binti yangu alisomea ukumbini, na bili ilipokuja haikudai hata uniti moja. Mwanga ule ulikwisha kulipiwa, kwa hesabu iliyodhani mama yake bado yupo.