Dawa ya Barafu Mwanza

Dumu la kulanti, dawa ya kuchanganya na maji ya rejeta yasigande, lilikuwa na picha ya theluji, na ndiyo iliyotuchekesha. Mimi na fundi wangu wa Mabatini tulisimama mbele ya pikapu tukacheka kama watu wenye akili.

"Mwalimu, Mwanza hii barafu itatoka wapi?" aliniuliza. "Labda kwa wauza samaki."

Nikamwambia alirudishe dukani, aweke maji ya ziwa kama anavyowawekea wengine wote. Mimi nafundisha kemia. Kila mwaka nasimama ubaoni nikieleza kwa nini kitu kilichoyeyuka ndani ya maji hushusha kiwango cha kuganda na kupandisha kiwango cha kuchemka. Sijui siku ile kemia yangu niliiacha wapi. Nadhani niliifungia shuleni pamoja na chaki.

Pikapu ile aliiacha baba. Mama alinikabidhi funguo kwa sharti moja: "Ukiiua injini hiyo, utakuwa umemzika baba yako mara ya pili." Mama hatanii na maneno ya namna hiyo.

Miezi michache baadaye nilimfuata mama huko Magu, nimlete mjini akae nasi. Tulipakia magunia manne ya mpunga na kuku wawili. Jua lilikuwa kali. Kwenye mwinuko mrefu mshale wa joto ulianza kupanda, nami nikajifanya siuoni. Ulipogusa alama nyekundu, mvuke ukatoka kwenye boneti. Nikaegesha pembeni na kuzima. Kijana wa bodaboda akaja mbio na kitambaa, atufungulie rejeta. Nilimfokea vibaya, masikini, maana maji yale yangemwunguza uso. Mama alibaki kwenye kiti chake, mkoba mapajani, akiangalia mbele. 

Tulisubiri injini ipoe kabisa, tukajaza maji, tukaenda taratibu tukisimama kila baada ya muda hadi Mabatini.

Siku mbili baadaye fundi alifungua injini. Mama alitaka kuwapo, akapewa kiti cha plastiki kivulini. Fundi alimsalimia shikamoo, kisha akalaza rula ya chuma juu ya silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, akichungulia mwanga chini yake.  Kama imepasuka, injini ya baba imekufa.

"Gasketi imeungua," alisema mwishowe. "Hedi imepinda kidogo, itachongwa. Haijapasuka."

Nilikaa juu ya tairi kuukuu. 

"Lakini Mwalimu," fundi akaendelea, "dukani nimeambiwa lile dumu lingetusaidia. Dawa ya barafu inazuiaje maji yasichemke?"

Basi nikafundisha, safari hii kwa aibu. Nilimwambia chembe za dawa hujichanganya katikati ya chembe za maji. Ili maji yagande, chembe zake lazima zijipange safu kwa safu. Hizi ngeni huzivurugia safu, kwa hiyo inahitajika baridi kali zaidi. Ili yachemke, chembe za maji lazima zitoke kwa wingi zikawe mvuke. Zikichanganyika na ngeni, zinazotoka hupungua, kwa hiyo linahitajika joto zaidi. Dawa ni ileile, ila inayazuia maji yasitoke kwenye umiminika wake, iwe kwa baridi au kwa joto. Tena huku kwetu juu maji matupu huchemka hata kabla ya nyuzi mia, sababu tumeinuka kutoka usawa wa bahari.

"Kumbe! Basi nimimine dumu lote bila maji?"

"Hapana. Ikiwa peke yake haibebi joto vizuri kama maji, na hata kwenye baridi huganda mapema kuliko mchanganyiko. Nusu kwa nusu. Na maji yawe safi, si ya ziwa, yasiache uchafu ndani."

Fundi aliitikia kwa kichwa, akaenda dukani mwenyewe. Alirudi na dumu lenye theluji. Safari hii hakuna aliyecheka. Jioni ile, hedi ilipochongwa na kurudishwa na gasketi mpya, alichanganya kwenye ndoo, akajaza, akawasha. Mshale ulipanda hadi katikati ukatulia hapo. Mama akainuka, akaja kuangalia kimiminika cha kijani kilichobaki ndooni.

"Hii naijua," alisema. "Baba yako alikuwa anaichanganya uani, nusu hii, nusu maji. Alisema maji yakiwa peke yake yana haraka ya kuondoka."

Baba aliishia darasa la saba.

"Mama, mbona hukuniambia?"

Alifungua mlango wa pikapu, akapanda, akaweka mkoba mapajani.

"Wewe ndiye mwalimu," alisema. "Hukuniuliza."