Tiki Nyekundu

Kliniki nzima ilimwita Mama Tiki, na mwenyewe alilipenda jina hilo kuliko lile alilopewa na wazazi. Kazi yake ilikuwa kuwanasihi wajawazito wenye virusi vya UKIMWI, katika chumba kilichowahi kuwa stoo ya magodoro: meza moja, viti viwili na pazia la mlangoni lisilofika chini. Naye mwenyewe alikuwa katika mwaka wa kumi na nne akimeza dawa zile zile walizopewa wao. Binti yake alizaliwa bila virusi, sasa yuko sekondari, na kila mama mpya aliisikia habari ya binti huyo, apende asipende.

Kila mwezi kila mama alikuja na kopo lake la dawa. Mama Tiki alimwaga vidonge kwenye sahani, akavihesabu viwili viwili kwa kisu butu, akalinganisha na tarehe. Hesabu ikikubali, alitia tiki ya kalamu nyekundu kwenye faili. Ikikataa, ulimi wake haukuwa na breki.

Fundi cherehani mmoja alianza dawa mimba ikiwa na miezi minne. Alikuwa mpole, vidole vimejaa alama za sindano. Mama Tiki alimweleza yote: kidonge kimoja kila siku, saa ile ile, ili virusi vipungue mpaka visionekane kwenye kipimo, na mtoto apate nafasi kubwa ya kuzaliwa salama na kunyonya salama. Fundi aliitikia kwa kichwa. Aliporudi, vidonge tisa vilikuwa vimezidi.

"Tisa?" Mama Tiki akapaza sauti, na pazia, kama tujuavyo, halizuii sauti. "Unataka kumuua mtoto? Mficha maradhi kifo humuumbua, mdogo wangu. Nimekueleza nikakauka koo, wewe unanichezea?"

Kwenye benchi la nje mazungumzo yalikatika. Fundi aliinamisha kichwa, akaomba radhi. Hakuulizwa kwa nini.

Tangu siku hiyo hesabu yake haikukosea hata kidonge kimoja. Mama Tiki alimtaja kama mfano kwa wenzake. "Mwoneni fundi," alisema. "Kukaripiwa ni dawa vilevile."

Mimba ilipofika mwezi wa saba akatolewa damu ya kupima wingi wa virusi. Majibu hayajarudi, uchungu ukamshika mapema, akajifungua wa kike. Majibu yalifika siku mbili baadaye: virusi kwa makumi ya maelfu. Mtoto akaandikiwa dawa mbili za maji za kinga badala ya moja. Daktari akafungua faili, akaona tiki nyekundu zimejipanga, akashuku kwamba virusi vimeizoea dawa. Mama Tiki naye aliapa kwamba fundi anameza. Alikuwa akizitetea tiki zake.

Wiki ya sita mtoto alichomwa kisigino, matone ya damu yakakaushwa kwenye karatasi na kupelekwa maabara. Majibu yaliporudi, Mama Tiki aliyasoma mara tatu akiwa amesimama. Kisha akamwita fundi, akavuta pazia, akaketi.

"Mdogo wangu," alisema, "kipimo kimeonyesha mtoto ana virusi. Leo tutachukua damu nyingine kuhakikisha, lakini dawa anaanza leo leo, hatusubiri. Na unyonyeshe kama kawaida."

Fundi hakulia. Alimhamishia mtoto bega la pili, akatoa kwenye mkoba kitambaa kilichofungwa fundo, akakiweka mezani.

"Tangu mimba iingie, mama mkwe alikuwa akilala chumbani kwangu," alisema taratibu. "Mume wangu yuko safarini, na wote wawili hawajui hali yangu. Kopo likitikisika tu anauliza, hiyo ni nini? Nikawa nameza siku akitoka. Nilitaka kukwambia, dada. Lakini ile siku ya vidonge tisa ulinikaripia, watu wote wakasikia. Nikaona heri hesabu iwe sawa. Kila nikija kwako navitoa vilivyozidi."

"Kwa nini hukuvitupa?"

"Dawa haitupwi, dada."

Mama Tiki alikuwa na majibu ya hilo la mama mkwe, tena mengi. Angemwambia avifunge kwenye kitambaa visilie, aweke vya wiki kwenye droo ya cherehani, au waandae pamoja namna ya kumwambia mume. Mambo ya dakika kumi. Akashindwa kumtazama mtoto.

"Kosa ni langu," alisema.

Akafungua fundo. Hakujua afanye nini na mikono yake, basi akavuta sahani na kuanza kuvihesabu, viwili viwili. Vilikuwa hamsini na tatu. Mtoto aliamka, akaanza kulia kwa njaa.