Mama Mwiko Alipomtetea Njiwa Hadharani

Mpishi wa shule ile waliyemwita Mama Mwiko alikuwa na mdomo usiolala. Mtoto akisema, "Niongeze kidogo," atajibiwa, "Kidogo cha tumbo lako au cha ukoo mzima?" Foleni hucheka, na sahani hujaa.

Ila kulikuwa na msichana mmoja asiyecheka tena. Wa darasa la tano, mpole, wenzake walimwita Njiwa. Zamani alitangulia kwenye foleni. Siku hizi alikuja wa mwisho, amebeba begi lake na la mtu mwingine. Akipokea sahani, anaipeleka moja kwa moja kwa Kinara, msichana mrefu wa darasa la saba, kisha anakwenda kukaa peke yake karibu na matangi ya maji. Kundi la Kinara linacheka.

Mama Mwiko alikumbuka maneno ya mwalimu wa malezi, aliyewakalisha wote mwanzo wa muhula, walimu, mlinzi, hata yeye wa jikoni: "Mtoto akibadilika, akiacha kula, akijitenga, msingoje alie. Msikilizeni. Msimwahidi siri. Nileteeni habari siku hiyo hiyo. Na aliyemwonea msimkabili nyinyi."

Basi akamwita Njiwa nyuma ya jiko. "Nani anakula chakula chako, mjukuu wangu?"

Machozi yalitangulia maneno. "Kinara. Nisipompa, ananingoja njiani. Usimwambie mtu, bibi. Akijua nimesema, mimi na shule basi."

"Siri siwezi kukuahidi. Lakini ni mwalimu wa malezi tu atakayejua."

Mpishi alikuwa na nia njema, lakini mwalimu wa malezi alikuwa kwenye kikao hadi alasiri. Mchana Kinara akaja na tabasamu lake, na hasira za mpishi zikachemka kuliko sufuria.

"Wewe! Leo kula chako, cha Njiwa ukiache! Ameniambia yote!"

Foleni nzima ikageuka kumtazama Njiwa. Njiwa aliweka sahani chini akaondoka, hata hakukimbia. Jioni watoto walikuwa wamempa jina jipya, kasuku wa jikoni. Kesho yake hakuja. Keshokutwa yake alikuja shangazi yake, akauliza ofisini namna ya kumhamisha.

Mwalimu wa malezi alimkuta Mama Mwiko anamenya vitunguu, na machozi hayakuwa ya vitunguu.

"Kuona uliona vizuri," akasema. "Ila umemtoa mtoto mbele ya adui yake bila ngao."

"Nifanyeje, mwalimu?"

"Kwanza, Kinara asibaki na nafasi ya kumfikia. Mlinzi atasimama njiani, mwalimu wa zamu atakuwa kwenye foleni."

Naibu wa mwalimu mkuu alitaka jambo fupi. "Wasichana hao wapande jukwaani asubuhi, washikane mikono, yaishe."

"Yataisha kwa nani?" mwalimu akauliza. "Yule mdogo atashika mkono kwa hofu."

Akazungumza na kila mmoja peke yake, na mama yake Kinara akaitwa. Hakumleta mtu kwenye kikao cha pamoja kabla hajakubali mwenyewe, na Kinara aliruhusiwa kuja tu baada ya kueleza alichofanya bila kugeuzageuza. Njiwa alitoa masharti yake: shangazi akae ubavuni, kiti chake kiwe karibu na mlango, na akitaka kusimamisha, kikao kisimame. Kisha akaongeza: "Na bibi wa jikoni aje pia."

Ofisini viti viliwekwa kwa duara. Mwalimu alimuuliza Kinara kilichotokea, alifikiri nini wakati ule, na nani ameumia. Kinara alitazama sakafu. "Nilipenda wenzangu wakicheka. Sikufikiri kama analala na njaa."

"Nilikuwa naogopa hata kengele ya chakula," Njiwa akasema. "Nataka uwaambie wenzako jina la kasuku liishe. Wewe, si mwalimu. Na begi lako ubebe mwenyewe."

"Nitawaambia."

Kisha Njiwa akageuka. "Na wewe, bibi. Siku ile uliniumiza kuliko yeye."

Mama Mwiko alitaka kujitetea, akajizuia. Utani wote ulikuwa umemkimbia. "Niliahidi nikavunja. Nikurekebishie nini?"

"Ukiona kitu, usipige kelele mbele za watu."

"Nimesikia, mjukuu wangu."

Mwalimu aliandika waliyokubaliana, akasema watakutana tena wiki ijayo. Shangazi alimuuliza Njiwa kama amesamehe.

"Bado. Lakini Jumatatu nitakuja."

Jumatatu Njiwa alikuwa katikati ya foleni. Nyuma yake mvulana akanong'ona, "Kasuku." Mama Mwiko alisikia. Ulimi ulimwasha hasa. Akampa Njiwa sahani yake kama anavyowapa wengine, akafunika sufuria, akatembea polepole hadi kwa mwalimu wa zamu, akamwambia sikioni. Mvulana akaitwa pembeni.

Njiwa hakujua kilichompata mvulana yule. Alikaa mezani, akatazama huku na huku, kisha akaanza kula.